Nilitangaza "vijana", wakaja wa chekechea

Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi nilikuwa nimepanga viti 40 kwenye ua mmoja upande wa Langoni, Lamu, laifujaketi zimelaliana kwenye mkeka, fomu ziko tayari, mimi nimesimama mlangoni na kalamu masikioni kama fundi seremala. Mama wa kwanza akaingia amemshika mkono mtoto wa kama miaka mitano, kamasi inatiririka. Nikajua huyu mama amepita tu kuuliza. Akakaa. Akaja wa pili na wawili, mmoja mgongoni. Akaja wa tatu. Kufika saa tatu nilikuwa na watoto 23 ambao hakuna aliyevuka darasa la tatu, wanakimbizana na laifujaketi vichwani, na huku ukutani wameegemea wanaume 11 wenye ndevu zao, wengine nawajua ni manahodha kabisa, wananiuliza posho ni ngapi.

Mafunzo yalikuwa ya usalama baharini ya watoto wa miaka 13 mpaka 17. Wale ambao ndio wanaanza kutoka na mashua bila mtu mzima. Wa umri huo walikuja watatu. Watatu!

Na tangazo nililiandika mwenyewe, nikalirekodi kwa sauti nikalituma kwenye magrupu ya wosap ya akina mama na ya wavuvi: "Mafunzo ya bure ya usalama baharini kwa vijana wote, Jumamosi saa mbili." Miaka sikuitaja kwa sababu niliona neno linajitosheleza. Mimi nimezaliwa Nakuru, Kiswahili nimekifanya shuleni mpaka fomu foo na nilipata A, sasa nani angeniambia sijui maana ya kijana.

Mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga, bibi wa sabini na kitu huko Mkomani, ndiye alinifungua macho jioni hiyo huku akikuna nazi. Nilimlalamikia kwamba watu hawasikii, nimeita vijana wameniletea watoto. Akaacha kukuna akaniangalia. "Na kijana ni nani, mwanangu?" Nikamwambia si kijana, mtu anayekua, yuko sekondari, kama miaka kumi na tano hivi. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akaniambia yeye ana vijana sita, na alipokuwa na mimba ya wa mwisho, yule wa kwanza alikuwa hajatimiza miaka kumi, na wote sita alikuwa anawaita vijana, hata yule aliyekuwa tumboni.

Basi ndio nikaelewa. Lamu, na hata Mombasa kwa wenyeji, kijana ni mtoto. Mtu akikuuliza "una vijana wangapi" anataka kujua umezaa wangapi. Kijana anaweza kuwa wa miezi miwili, anaweza kuwa wa kike au wa kiume, na ukitaka kutofautisha unasema kijana mke au kijana mume. Ukilitazama neno lenyewe unaona hawajakosea kitu, hiyo "ki" ya mwanzo ni ileile ya kufanya kitu kiwe kidogo kama kitoto na kilima, na "jana" ni neno la zamani la mtoto ambalo hata kwenye kamusi bado lipo, jana la nyuki ni yule mtoto wa nyuki aliye ndani ya sega. Kwa hivyo kijana kwa asili yake ni mtoto mdogo, na ni sisi wa bara ndio tumemkuza tukampa ndevu. Kitu kimoja tu kimebaki sawa kote, neno lina ki- na vi- lakini halifuati upatanisho wa kiti na viti, unasema kijana amefika na vijana wamefika, ukisema kijana kimefika watu wanajua umetoka ng'ambo jana.

Sasa wale wanaume 11 nao walikuwa na haki yao. Wao walisikia neno la serikali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35, na kila mkopo, kila tenda, kila semina ya kaunti inayosema "vijana" inawahesabu hao. Mvuvi wa miaka 33 akisikia mafunzo ya vijana yana bajeti anakuja, na mimi ningekuja. Kwa hivyo neno moja lilienda kwa masikio mawili, mama akasikia mtoto wake wa nasari, mvuvi akasikia yeye mwenyewe, na wale wa katikati niliokuwa nawatafuta hawakujisikia popote. Wa miaka 15 mama yake haimjii kumwita kijana mbele ya watu kama yule mdogo wake, na serikali haijamfikia.

Hapo hapo kuna kijana wa tatu ambaye Lamu sikumkuta sana lakini Nakuru ni kawaida, kijana wa kazi, yule msaidizi wa fundi, au kijana wa shamba. Huyo anaweza kuwa na wajukuu. Ni neno la mwajiri, linamshusha mtu mzima likamweka chini ya mwenye mali. Nilishawahi kumwita hivyo mtu aliyenibebea mizigo jeti ya Mokowe, nikasema "kijana, shika hii", na alikuwa na mvi. Alishika, lakini bei ilipanda.

Wiki ya pili nikajirekebisha kama mtu wa ofisi anavyojirekebisha, yaani nikaenda kwenye sheria. Sheria inasema mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, safi, hao ndio wangu, nikatangaza "mafunzo kwa watoto wa miaka 13 hadi 17". Niliweka na miaka safari hii. Wakaja saba, karibu wote wa 13.

Wakubwa walikuwa wanapita nje. Nilimfuata mmoja wao pale Mkunguni mbele ya ngome, wa miaka 16, sauti imeshavunjika, anatoka na ami yake kwenda kuvua na siku nyingine ndiye anayeshika usukani. Nikamuuliza mbona hakuja. Akaniambia, kwa adabu kabisa lakini bila kuniangalia, "Anti, mimi si mtoto." Na mwenzake akaongeza kwamba wakienda wataitwa watoto na wale wa mashua nyingine mwaka mzima.

Hapo ndipo niligundua mtoto ni neno gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni umri. Mtoto mchanga, mtoto anatambaa, mtoto wa shule, na hiyo inaisha, kuna siku mtu anakataa. Kazi ya pili ni uhusiano, mtoto wa fulani, na hiyo haiishi mpaka kaburini. Mama mwenye nyumba aliniambia siku moja mtoto wake yuwaya, yaani anakuja, kutoka Mombasa na basi la usiku, mimi nikaenda dukani Usita wa Mui nikanunua biskuti na juisi ya pakiti nikaweka kwenye friji. Asubuhi ameingia mwanamume wa miaka 45, kitambi, ana watoto wake wanne. Alizila zile biskuti lakini.

Ukisema "mtoto wa Bi fulani" hakuna anayekasirika, kwa sababu hapo unataja mama. Ukisema "mtoto" peke yake kwa mtu wa 16 umetaja kimo chake. Na ukisema "wewe mtoto!" umeshamgombeza, hata kama hujasema kosa lake. Tangazo langu lilikuwa la kutaja kimo. Lilimwambia yule kijana wa dau, ambaye tayari anabeba samaki nyumbani wanakula watu wanane, kwamba yeye na mdogo wake wa 13 ni kitu kimoja.

Nilifikiria barobaro. Hilo angelipenda, nililijaribu kwake akatabasamu hadi jino la mwisho. Barobaro ni mwanamume aliyeiva, ana nguvu, hajaoa, lina sifa ndani yake na kidogo maringo. Lakini barobaro wa kike hayupo, na ningewarudisha wale wa posho.

Hapa niweke kitu ambacho kilinitisha. Nilikuwa na kamusi kwenye simu, natafuta neno lolote lenye maana ya mvulana mkubwa mkubwa, nikaangukia kitwana. Nikaona lina ki-, lina -ana karibu na mwana, linafanana na kijana, nikaliandika kwenye rasimu. Bahati njema nilimsomea mama mwenye nyumba kabla sijatuma. Aliweka kikombe chini. Kitwana ni kijana wa kiume mtumwa, na wa kike ni kijakazi, na pwani hii utumwa ulifutwa kisheria 1907, yaani bibi yake mwenyewe aliishi enzi hizo na kuna familia mpaka leo zinajulikana nani alikuwa nani. Hakunigombeza. Alisema tu "hilo lifute", na nikalifuta yeye akiangalia.

Wiki ya tatu nikaenda na chipukizi, na hili sitasahau. Lilikuwa wazo la rafiki yangu wa Malindi anayefundisha mpira, akasema chipukizi ni neno zuri, halimdharau mtu, linatoka kwenye kuchipuka, mmea unaotoa majani mapya, mtu yuko njiani kukua. Kweli ni tamu. Nikatangaza "mafunzo kwa chipukizi wa Lamu".

Wakaja wavulana 14 na viatu vya mpira mabegani. Wakauliza kocha yuko wapi. Watangazaji wa redio wamelitumia chipukizi kwa timu za wadogo mpaka limekuwa la uwanjani, ukilisema Lamu au Malindi mtu anasikia filimbi. Na nyuma yao akaingia bwana mmoja wa miaka kama 34 na kanzu safi, ana mke na watoto, akajitambulisha: "Mimi ni msanii chipukizi, nimeimba taarabu harusi mbili." Nilitaka kucheka lakini ukifikiria hakukosea hata kidogo. Chipukizi halipimi miaka toka uzaliwe, linapima miaka toka uanze. Mwanasiasa chipukizi anaweza kuwa na miaka 50 mradi hajawahi kushinda kiti. Wa miaka 12 aliyeanza kupiga ngoma akiwa na 5 na jina limeshatoka, huyo si chipukizi tena. Kwa hiyo neno lazima liwe na kazi kando yake, mchezaji chipukizi, mwandishi chipukizi, ukiliacha peke yake linatafuta kazi lenyewe, na langu lilitafuta mpira. Pia ni neno la gazeti na jukwaani. Sijawahi kusikia mama Lamu akiita "wee chipukizi, njoo ule".

Wasichana wiki hiyo hakuja hata mmoja, na wiki zote tatu walikuwa wachache, na hiyo haikuwa shida ya tafsiri peke yake. Kwa mvulana umri unaenda polepole, hakuna siku moja anabadilishwa jina. Kwa msichana siku hiyo ipo. Mdogo ambaye hajavunja ungo ni kigori, akishavunja ungo ni mwari, wengine wanasema mwali, na mwari ana mafunzo yake, ana watu wa kumfunda, hatoki hovyo. Mimi fomu yangu ilisema 13 hadi 17 kama mstari mmoja, kumbe kwa mama wa Lamu katikati ya huo mstari kuna mlango. Tena mwari si neno la mgeni mwenye fomu kuuliza, nililitumia mara moja sebuleni kwa watu nikifikiri naonyesha ninajua, wanawake wakanyamaza wakatazamana. Ni neno la ndani. Mvulana na msichana hayana kosa, lakini yana harufu ya chaki. Nilichofanya ni kuuliza akina mama wenyewe, wakasema wasichana wawekwe mchana, saa tisa, na mwalimu awe mwanamke, na nguo ziwe za kusitiri. Hilo lilikuwa jambo la ratiba, neno lolote lisingelitatua.

Tangazo la nne aliliandika mama mwenye nyumba, kwa maana ya kwamba alisema mimi nikaandika. Lilikuwa hivi: "Mwenye mwana aliyezaliwa kati ya 2006 na 2010, amlete ajifunze kujiokoa baharini. Wanaume asubuhi saa mbili, wanawake alasiri saa tisa." Hii ilikuwa 2023, kwa hivyo miaka inatoka ileile.

Mwana. Neno nililokuwa nalisikia kila siku, kila akiniita, na sikuliona.

Nilimuuliza kwa nini mwana na si mtoto, maana shuleni tulifundishwa ni visawe, mstari mmoja wa kamusi. Akaniambia mtoto utamkuta njiani analia humjui wa nani, lakini mwana lazima awe wa mtu. Nimekaa nikilijaribu hilo kwa miezi na naona ni kweli. Unasema "nimeona mtoto amepotea sokoni", husemi "nimeona mwana amepotea", labda kwenye shairi. Lakini ukishaweka mwenyewe linakaa vizuri na hata linameza kimilikishi, mwanangu, mwanao, mwanawe, wanangu, wanawe. Na kwa sababu linaangalia mzazi haliangalii umri hata kidogo, wa siku saba ni mwanangu na wa miaka 45 mwenye kitambi ni mwanangu. Yule mvulana wa dau akisikia "mwenye mwana" hajaitwa yeye, ameitwa mama yake, na yeye amekuja kwa sababu mama amesema, hiyo haina aibu mbele ya wenzake.

Ndio maana pia linatoka nje ya damu kirahisi. Yeye aliniita mwanangu siku ya pili tu niliyoingia kwake, na mimi nina mama Nakuru. Hajawahi kuniita mtoto wangu, hiyo ingekuwa ananihesabu na wale sita. Mwanangu ni la mkubwa kwa mdogo, halipandi juu, na hapa Watanzania wanatuchanganya kwa sababu vijana wa kule wanaitana mwanangu kama sisi tunavyosema buda au msee. Nilimsikia baharia mmoja wa Tanga akimwambia mzee wa hapo jeti "poa mwanangu", mzee akageuka pole pole kuangalia nyuma yake kama kuna mtoto.

Na Lamu kuna mwana mwingine tena ambaye sio mtoto kabisa. Kwenye daftari langu kulikuwa na bibi ambaye jina linaanza na Mwana, nikaona bila shaka karani aliyenitangulia amekata sentensi, mwana wa fulani, nikamweka kwenye safu ya watoto. Bibi wa themanini. Kumbe Mwana mbele ya jina la mwanamke ni heshima ya zamani ya pwani hii, kama unavyosikia Mwana Kupona yule mshairi wa karne ya 19, na hapo halimpunguzi miaka mtu, linampandisha daraja. Nilimpelekea sukari na majani kuomba radhi, akasema amefurahi kurudishwa utotoni.

Wiki ya nne walikuja wavulana 19 asubuhi na wasichana 12 saa tisa. Wanne kati yao walikuwa nje ya umri kwa mwaka mmoja, sikuwarudisha. Yule wa 16 alikuja, akakaa nyuma, akawa ndiye anawaonyesha wengine jinsi ya kufunga kamba za laifujaketi.

Kwenye ripoti niliandika "vijana 31 wamefunzwa" na ofisi ikanirudishia, hawa wako chini ya 18, badilisha. Nikaandika "watoto 31" nikatuma, sikuwa na nguvu ya kuwaeleza.

Sasa nimerudi Nakuru, nimeolewa, tuna mtoto wa miezi minane. Juzi mama mwenye nyumba alipiga simu nikiwa jikoni, mume wangu akaipokea. Nikasikia sauti yake kwenye spika, "Kijana hajambo?" Mume wangu akajinyoosha, akajibu, "Mimi niko poa kabisa mama, asante."

Kukawa kimya kidogo, alafu bibi akauliza, "Na meno yameshaanza kuota?"